Njambi na Harambee Isiyo na Mweka Hazina

Njambi Gathogo alitengeneza pesa zake mwenyewe akiwa na miaka kumi, na hakukamatwa kwa sababu wakubwa wa pesa hawakujua Ainabkoi iko upande gani wa ramani.

Baba yake, Mzee Gathogo, alikuwa na duka pale senta, na bado analo. Siku hizo chenji ilikuwa shida. Ukinunua chumvi, salio la shilingi tano unapewa peremende, upende usipende. Tatizo ni kwamba Njambi, aliyeachiwa duka kila Jumamosi, alikuwa amezila peremende zote. Basi akachana karatasi za daftari, akaandika "Shilingi tano, Duka la Gathogo", akagonga muhuri wa duka. Kufikia wiki ya pili mwenye posho mill ya kusaga mahindi alikuwa anazipokea, na mama wa mandazi pia. Njambi akaona karatasi ni rahisi kuliko peremende, akachana nyingine, akawapa marafiki zake wote wa darasa la tano. Shule ilipofungwa, mama wa mandazi alikuwa anataka karatasi tatu kwa andazi moja.

Mzee Gathogo alirudi kutoka Eldoret na mzigo, akakuta foleni ya watu wameshika daftari la Hesabu vipande vipande. Alizinunua karatasi zote kwa sukari na majani chai, akazitia ndani ya jiko mbele ya watu, halafu akazungumza na binti yake kwa lugha ambayo sitaiandika hapa.

Nimeanza na hiyo hadithi kwa sababu kila kitu kilichotokea baadaye, miaka ishirini na moja baadaye, kilitoka ndani ya lile jiko. Njambi mwenyewe hakuliona hadi alipolazimika.

Mimi ni Kiplimo. Nina nusu diploma ya kompyuta, na nusu nyingine nimewaachia walimu wawe wakinikumbuka. Nafanya kazi na Njambi katika ofisi iliyo juu ya agroveti, duka la dawa za mifugo, mjini Eldoret, ghorofa ya pili, ambapo harufu ya dawa ya kupe inapanda ngazi kabla yetu kila asubuhi. Tuko watu watatu. Bethwel ndiye mwenye kampuni na ndiye mwandishi wa programu. Njambi ndiye mwenye akili. Alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye kazi ya kudumu na pensheni, akaiacha ili aje kwetu, na baba yake hakumsemesha kwa mwezi mzima. Mimi najibu malalamiko ya wateja. Ukitaka kujua watu wa nchi hii wanajua kutukana kwa ufasaha gani, omba kazi yangu.

Tunatengeneza mchezo wa simu unaoitwa Gunia. Unaingia, unapewa robo ekari, unalima, unafuga, unapeleka mahindi ghalani, unalipwa pesa za humo ndani zinazoitwa punje. Watu elfu kumi na moja wanacheza kila siku, wote kwa pamoja, katika kata saba. Wanauziana vitu wao kwa wao sokoni. Kitu kikubwa kuliko vyote ni plau, ile ya kukokotwa na ng'ombe, kwa sababu bila plau unalima kwa jembe na kidole kinachoka kugusa simu. Plau haiuzwi na sisi. Wachezaji wenyewe wanaichonga kwa vyuma adimu, na bei wanapanga wao.

Mchezo ulipoanza, plau ilikuwa punje mia nne. Mgeni anapata kama punje mia moja na ishirini kwa siku, kwa hivyo siku ya nne alikuwa analima kama mtu. Miaka miwili baadaye, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, plau ilikuwa elfu tisa na mia sita. Piga hesabu. Siku themanini za kulima kwa jembe. Mimi nililelewa shambani Kesses na siwezi kulima kwa jembe siku themanini, hata iwe kwa simu, hata unipe mursik, maziwa yetu ya kibuyu.

Wageni walikuwa wanaingia, wanaona bei, wananitukana, wanatoka.

Ndipo ikaja barua pepe kutoka kwa wale watu wa Nairobi wanaolipia seva zetu. Ilikuwa fupi na yenye adabu, na mimi huogopa sana watu wa aina hiyo. Walisema hivi: kufikia mwisho wa mwezi wa sita, mgeni awe anaweza kununua plau ndani ya wiki mbili, na bei ikae hapo siku thelathini mfululizo. Isipokuwa hivyo, wanazima.

Wiki mbili ni punje elfu moja mia sita na themanini. Njambi aliandika hiyo namba kwa kalamu nyekundu ukutani. Kwenye ubao hapana, kwenye ukuta kabisa. Mwenye nyumba bado hajaiona.

"Si tukate tu sufuri moja kwa kila mtu," Bethwel akasema. "Mwenye milioni abaki na laki. Jioni tumemaliza, tunaenda kula nyama."

"Utakuwa umeiba jasho la miaka miwili," Njambi akamjibu. "Na mifereji bado iko wazi. Mwaka kesho tunarudi hapa hapa, na wateja wetu wote wa zamani wameenda zao."

Mifereji na sinki, hayo ndiyo maneno yake. Mfereji ni mahali popote ambapo mchezo unamwaga punje mpya: ukipeleka mahindi ghalani, zile punje unazolipwa hazikuwepo duniani dakika moja iliyopita. Sinki ni mahali zinapotoka na kupotea kabisa: ukinunua mbegu kwetu, ukirekebisha toroli kwetu. Kila siku mifereji yetu ilikuwa inamwaga punje milioni tatu na laki tatu. Sinki zilikuwa zinatoa laki tisa. Hizo nyingine zinabaki sakafuni, na maji yalikuwa yamefika shingoni: punje bilioni moja na milioni mia saba.

"Basi tufunge mifereji," nikasema, nikijiona profesa.

"Mgeni anakunywa wapi, Kiplimo?"

Nikarudi kwa malalamiko yangu.

Tulikuwa tumeshajaribu ushuru wa shamba, wazo la Bethwel. Kila mtu punje hamsini kwa siku. Mgeni mwenye kipato cha mia na ishirini alinyolewa karibu nusu. Na yule tajiri wetu mkubwa, Mwalimu Jerop, mama mstaafu wa huko Kesses mwenye punje milioni arobaini na moja na plau mia mbili na kumi na mbili ndani ya stoo, hakujua hata kama kuna ushuru. Tuliuondoa siku ya nne. Katika hizo siku nne nilijifunza matusi mapya ya Kikalenjin, na mimi ni Mkalenjin.

"Pesa ziko kwa watu mia nne," Njambi alikuwa akisema, akizunguka ofisini na kikombe kisicho na chai. "Hao mia nne wanashika asilimia themanini. Nikiwalazimisha, wanakasirika. Nikiwauzia sanamu ya dhahabu, wananunua mara moja, halafu? Nataka kitu watoe wenyewe, kila wiki, kwa miaka, na watoke wakicheka. Kiko wapi hicho kitu?"

Kilikuwa Ainabkoi, kanisani, na kilikuwa kabichi.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huo ilikuwa sikukuu ya mavuno. Njambi alikuwa anaenda kwao, na mimi nikajialika kwa sababu ya chakula, sioni haya. Baada ya ibada watu walitoka nje kwa mnada, na dalali alikuwa Mzee Gathogo mwenyewe, kofia kichwani, kabichi mkononi kama mtoto wa kubatizwa.

"Kabichi hii," akasema, "imezaliwa Timboroa, imelelewa kwa ukungu. Nani ataniambia mia mbili?"

Mia mbili ikatoka. Mia tano ikatoka. Mtu wa lori za viazi akasema elfu, na mwenye duka la hardware upande wa pili akakohoa, akasema elfu mbili, maana hawa wawili hawajawahi kukubali kushindana kimya kimya. Ikaisha elfu nne. Mwenye hardware akalipa, akaipokea kabichi, akaitazama, akairudisha mezani. "Iuzwe tena," akasema. Watu wakapiga makofi. Ikauzwa tena elfu tatu. Kabichi ya shilingi hamsini.

"Na mama Wamucii," Mzee akatangaza kwa sauti ile ile, "ametoa shilingi ishirini. Mpigieni makofi." Wakampigia, na yalikuwa makofi yale yale.

Mimi nilikuwa na paja la kuku mdomoni nilipohisi mkono unanivuta. Njambi alikuwa amesimama, macho yamemtoka.

"Kiplimo. Wamelipa elfu saba, na hakuna kitu kimeongezeka. Hakuna anayeweza kwenda sokoni na hiyo kabichi akapata hata mia."

"Nakula."

"Wanalipia jina lao litajwe. Wanalipia yule mwingine asishinde. Amka, twende."

"Njambi, kuna mbuzi bado."

Hatukungoja mbuzi. Hilo nimemsamehe, lakini nimeliandika.

Alichora kila kitu ndani ya siku tano. Kila Jumamosi saa kumi jioni, kila kata ndani ya Gunia ina harambee. Inajengwa daraja, au josho la ng'ombe, au paa la shule. Majina ya wote waliotoa yanasomwa, mkubwa na mdogo, na kata inayotangulia bendera yake inapepea wiki nzima. Kisha kuna mnada wa jogoo. Anayeshinda anakaliwa na jogoo juu ya paa lake kwa siku saba, kila jirani anamwona, kisha jogoo anaruka anaenda zake. Hauzwi, hapewi mtu, hachinjwi.

"Kwa nini hachinjwi?" nikauliza.

"Kwa sababu ukimchinja utauza nyama, na ukiuza nyama amekuwa biashara. Nataka awe hasara tupu yenye manyoya."

Daraja nalo linachakaa, polepole, hadi lihitaji harambee nyingine. Linafupisha njia ya kila mtu, hata mgeni, lakini idadi ya safari za ghalani kwa siku haiongezeki, ili sinki isigeuke kuwa mfereji mpya kwa mlango wa nyuma. Na chini ya hayo yote akaweka ada ndogo ya soko: katika kila mauzo, punje tano kwa mia zinafutwa. Hiyo haiwaumizi wadogo kwa sababu inafuata ukubwa wa biashara, na haimsahau mtu yeyote.

Bethwel aliandika programu kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari. Sauti ya dalali tulimrekodi Mzee Gathogo, nyuma ya duka, kati ya magunia ya unga. Alikataa kusoma karatasi. "Mimi sijawahi kuuza kuku kwa karatasi," akasema, akatoa maneno yake mwenyewe, na kila neno tuliliweka.

Harambee ya kwanza ilikuwa wazimu mtupu. Kata zote saba zilitoa. Punje milioni sitini na nane kwa saa moja na nusu. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kiti. Bethwel alikuwa anarusha kofia. Hata mtu wa agroveti alipanda kuuliza kama tumeshinda jackpot. Wiki ya pili, milioni sabini na nne.

Jumatatu iliyofuata Njambi alikaa mbele ya kompyuta.

"Punje zote kwa jumla Ijumaa mbili zilizopita zilikuwa ngapi?" akauliza.

"Bilioni moja na milioni mia nane na ishirini," Bethwel akasoma.

"Na leo?"

Bethwel akasoma, akasoma tena. "Bilioni moja na milioni mia nane na arobaini."

"Wametoa milioni mia na arobaini na mbili, na jumla imepanda. Bethwel, zile punje za harambee zinaenda wapi?"

"Kwa kamati," Bethwel akasema, kana kwamba ameulizwa jua linachomoza wapi.

"Kamati gani?"

"Kamati ya harambee. Kila kata inachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wanapokea, wananunua mawe kwa wachezaji, wanalipa fundi. Sasa Njambi, harambee utafanya aje bila kamati? Hata harusi ya ndugu yangu ilikuwa na kamati ya watu kumi na wawili."

Ndiyo hiyo. Njambi alikuwa amechora "harambee inajenga daraja", na Bethwel, mtoto wa watu waungwana wa Uasin Gishu, hakuweza kuwaza pesa za harambee zisizo na mtu wa kuzishika. Akaongeza kamati kwa moyo mweupe, hata hakuona ni kitu cha kuuliza. Na kamati ikafanya kama kamati. Punje zilitoka kwa Mwalimu Jerop Jumamosi, na kufikia Jumatano zilikuwa kwa wauza mawe, Alhamisi kwa wauza plau. Mweka hazina wa kata ya nne alikuwa amejinunulia plau sitini, na fundi wa daraja alikuwa shemeji yake. Tulitengeneza mchezo, ukatuchezea Kenya.

Plau ilikuwa imepanda hadi elfu kumi na moja.

"Zimebadilisha mifuko tu," Njambi akasema. Alikuwa anaongea polepole. "Hakuna hata punje moja iliyokufa." Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza. "Jiko," akasema. "Baba hakumpa mtu zile karatasi azitunze. Alizichoma. Mbele ya watu."

Siku hiyo hiyo akambana Bethwel. Toa mwenyekiti, toa katibu, toa mweka hazina. Mawe yanatoka kwetu. Punje ikitolewa, inafutwa pale pale. Na watu waone: katikati ya uwanja wa harambee tukaweka jiko kubwa, na kila jina likisomwa punje zake zinaingia motoni na moto unaruka. Wachezaji walioanza kununua mawe wakalia, tukawarudishia, na yule mweka hazina wa kata ya nne akanitumia ujumbe wa kurasa tatu akitaja katiba.

Bado kulikuwa na jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nimheshimu kabisa, na mimi siheshimu watu ovyo. Njambi alisema daraja likiwa na bei moja ya kudumu, tumejidanganya. Wachezaji wakiongezeka, hiyo itakuwa bei ya njugu, na mafuriko yatarudi. Wakipungua, itawakausha, na mgeni akose hata punje ya mbegu. Kwa hivyo kila Jumatatu mchezo unajihesabu wenyewe: punje zote, gawanya kwa watu wanaocheza. Alitaka zikae kama elfu hamsini kwa kila kichwa. Zikizidi, daraja linalofuata linakuwa ghali na linachakaa haraka. Zikipungua, linakuwa rahisi na linadumu. Alikimbiza miaka mitano ya mchezo ndani ya kompyuta yake mchana mmoja, akavuruga kila kitu kwa makusudi, wachezaji mara mbili, wachezaji nusu, mavuno mengi. Mstari wa grafu ulipinda kama barabara ya kupanda Timboroa, halafu ukatulia. Aliupindisha tena, ukatulia tena. Akaniita niuone. Mimi ambaye nililala kwenye kila somo la takwimu nilisimama pale nikiangalia mstari kama fainali ya mbio.

Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa kumi. Mimi, Njambi na Bethwel mbele ya skrini moja. Pembeni tuliweka namba ya jumla ya punje, inayobadilika papo hapo. Sauti ya Mzee Gathogo ikajaa ofisini.

"Jogoo huyu," ikasema, "hajawahi kuchelewa kuamka. Nani ataniambia laki?"

Waliobaki mwishoni walikuwa wawili, Mwalimu Jerop na Muigai, mtu wa Timboroa anayecheza akingoja lori lake lipakiwe viazi. Laki tano. Milioni moja. Milioni mbili.

"Huyo nyuma," Mzee akasema, "unainua mkono ama unajikuna?"

Ujumbe wa Muigai ukatokea chini: "Mwalimu, mwachie mtu mwingine jogoo, wewe si una wajukuu wa kukuamsha."

Mwalimu Jerop akajibu: "Muigai, wewe hata darasani ulikuwa unanyoosha mkono bila jibu." Milioni tatu.

Hatukujua kama alimfundisha kweli. Mpaka leo hatujui. Muigai akapanda, Mwalimu akapanda, na ikaishia milioni sita na laki mbili. Jiko likaruka moto. Na ile namba pembeni, Bethwel akaishika skrini kwa mikono miwili, ile namba ikashuka. Jioni hiyo kata zote saba zilichoma milioni mia moja na kumi.

Hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa tumeshacheza ngoma mapema mara moja. Tukangoja Jumatatu. Tukangoja Jumatano. Namba ilipanda kidogo tu, kwa yale maji ya mifereji ya kila siku. Zile mia na kumi hazikurudi. Njambi akasema, "Zimekufa," kwa sauti tamu ambayo huwa watu wanaitumia kwa watoto waliozaliwa.

Wiki baada ya wiki. Bilioni moja nukta sita. Nukta tano. Plau elfu nane, elfu sita. Mwezi wa nne Mwalimu Jerop akanipigia simu. Wateja hawatakiwi kuwa na namba yangu, lakini kwa Mwalimu huwezi kuficha kitu.

"Kijana," akasema, "hizi plau zangu nilizinunua kwa sababu punje zilikuwa zinaoza mfukoni. Sasa naona punje zinapata nguvu. Ama ni macho yangu?"

"Macho yako ni mazima, Mwalimu."

"Basi nakaa na chuma cha nini? Nauza."

Akafungua stoo. Plau mia mbili na kumi na mbili. Matajiri wengine wakamwona, wakafungua zao, maana walikuwa wameficha kwa sababu ile ile. Wiki mbili soko lilijaa plau kama siku ya maonyesho ya kilimo. Elfu tatu. Elfu mbili na mia moja. Tarehe thelathini Mei, elfu moja mia nne na tisini. Njambi alienda ukutani akagusa ile namba nyekundu kwa kidole.

Sasa zilibaki siku thelathini za kushikilia, na siku ya kumi na moja bei ikazidi kuteremka. Elfu moja na mia mbili. Elfu moja na mia moja. Wachonga plau wakaanza kuniandikia kwamba chuma ni ghali kuliko plau, kwamba wanaacha kazi. Wakiacha, plau zinakwisha, bei inaruka juu ya namba nyekundu, na Nairobi wanazima.

"Tuingilie," Bethwel akasema, mkono tayari kwenye kibodi. "Tusimamishe harambee mwezi mmoja."

"Toa mkono."

"Njambi, kazi yetu yote iko hapo."

"Kazi yangu pia iko hapo. Niliacha pensheni. Tukishika leo, tutashika kila wiki kwa miaka kumi, na siku tutakayolala mchezo utaharibika. Ngoja Jumatatu ijihesabu."

Sijawahi kuona wikendi ndefu kama ile. Jumatatu saa tatu mchezo ukajihesabu: punje elfu arobaini na sita kwa kila kichwa. Chini ya hamsini. Daraja la wiki hiyo likashuka bei karibu theluthi, peke yake, bila mtu kugusa. Jumamosi watu wakachoma kidogo. Jumatatu iliyofuata, elfu arobaini na tisa. Plau ikapanda hadi elfu moja na mia tatu, wachonga plau wakarudi kazini wakijifanya hawakuwa wameondoka, na bei ikakaa kati ya elfu moja mia tatu na elfu moja mia nne na hamsini hadi mwisho wa mwezi.

Mzee Gathogo alikuja Eldoret tarehe thelathini Juni kuchukua mzigo, akapanda ngazi zetu. Njambi akamwonyesha jiko likiwaka na sauti yake ikiuza jogoo.

"Sasa hizi pesa zote," Mzee akauliza, "anazipata nani?"

"Hakuna, Baba. Zinachomwa."

Mzee akafikiri. "Miaka thelathini nimeuza kuku kanisani, sijawahi kuona mnada ambao hakuna mtu aliyepata kitu." Akatazama tena moto, mkono kidevuni. "Lakini zile karatasi zako nilichoma mia mbili na sita. Nilizihesabu. Wewe ulifikiri sikuhesabu."

Barua pepe ya Nairobi iliingia saa nane mchana. Wamelipia seva miaka mitatu. Bethwel akatoka kwenda kutafuta nyama bila kuaga. Njambi akakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, chini kabisa ya ile namba nyekundu, akacheka peke yake, na baba yake akaketi kando yake juu ya gunia lake la sukari.

Mimi nikarudi kwa malalamiko yangu, na ndani yake nikakuta ujumbe wa mgeni mmoja, Kipyego, aliyejiunga siku kumi na mbili zilizopita. Nikausoma kwa sauti ili wote wausikie, kwa sababu kwa mwaka mzima na zaidi hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza swali hilo:

"Samahani, nimenunua plau. Ng'ombe anafungwa upande gani?"